Jinsi ya kuandika skripti ya tangazo la mpiga picha za harusi, ambamo kila tukio linauza kifurushi chake

Skripti nyingi ninazotumiwa na wapiga picha za harusi zinakwama mahali pamoja. Zinaanza na "Je, unatafuta mpiga picha bora kwa siku yako ya kipekee?", zinamwaga picha arobaini za maharusi wakitabasamu bustanini, kisha zinafunga kwa namba ya simu. Watu wanabonyeza moyo, wanaandika "mashallah", na hakuna anayelipa kianzio.

Kinachokosekana ni kiungo kati ya picha na vifurushi. Mtazamaji anaona picha nzuri, halafu anasomewa orodha ya bei, na hakuna kinachomwambia kwamba ile picha ya mama akilia asubuhi haipatikani kwenye kifurushi cha bei ya chini, kwa sababu mpiga picha wa kifurushi hicho anaanzia kanisani.

Mwongozo huu unakuongoza kuandika skripti ya sekunde 75 ya kuweka Instagram na Status ya WhatsApp. Mfano nilioufuata ni harusi ya Kikristo ya Dar es Salaam yenye sendofu, ibada na sherehe ya ukumbini. Harusi za Kiislamu zina tahadhari yake, nimeiweka kwenye hatua ya pili.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuandika

- Picha za harusi tatu au nne ulizopiga mwenyewe, zikiwa kwenye mafaili ya asili, siyo zilizopita WhatsApp na kupungua ubora.
- Vifurushi vyako vikiwa vimeandikwa: idadi ya wapiga picha, mwanzo na mwisho wa kazi, idadi ya picha zilizohaririwa, albamu, siku za kukabidhi, bei.
- Ruhusa ya maharusi ambao sura zao zitaonekana.
- Sauti halisi za harusi: vigelegele, matarumbeta, minong'ono ya chumbani. Kama huna, anza kurekodi kwa simu kwenye harusi yako ijayo, dakika mbili mbili.
- Karatasi na saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Ujumbe wa WhatsApp wa miezi michache iliyopita kutoka kwa wateja waliouliza bei. Hii ndiyo karatasi ya thamani kuliko zote, utaona sababu yake mwishoni.

Kama vifurushi vyako bado viko kichwani na bei inabadilika kulingana na gari aliloshuka nalo mteja, usianze skripti. Viandike kwanza.

## Hatua ya 1: Jua nani anatazama na nani analipa

Kwenye harusi zetu, anayependa picha na anayetoa hela mara nyingi ni watu wawili. Bibi harusi anaona tangazo lako usiku akiwa kitandani, analituma kwa dada yake. Jumapili linapelekwa kwenye kikao cha kamati, na hapo mhazini anauliza maswali mengine kabisa: wapiga picha wangapi, wanaanza saa ngapi, albamu imo au ni ya kuongeza, tunalipaje.

Kwa hiyo gawa skripti yako. Sekunde 48 za mwanzo ni za bibi harusi, na hizo zinabeba matukio. Sekunde 27 zinazobaki ni za kamati, na hizo zinabeba vifurushi na namna ya kukupata. Ukichanganya, ukataja bei katikati ya machozi ya mama, utawapoteza wote wawili.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha kwa kidole mstari ambapo skripti inaacha kuongea na bibi harusi na kuanza kuongea na mhazini.

## Hatua ya 2: Chagua matukio manne tu

Sekunde 48 zinatosha matukio manne. Kila tukio linahitaji picha nne au tano, na kila picha ikae kati ya sekunde mbili na tatu. Chini ya hapo jicho haliwahi kusoma sura ya mtu, hasa kwenye kioo cha simu.

Tukio linaloingia kwenye skripti lipite vipimo viwili. Kwanza, liwe haliwezi kurudiwa. Maharusi wakiwa bustanini na maua wanaweza kurudi hata wiki ijayo wakapigwa tena. Baba anayemkabidhi binti yake mbele ya madhabahu hawezi. Pili, lionyeshe ugumu wa kazi yako: mwanga mdogo, mwendo wa haraka, nafasi ya kusimama uliyoijua mapema.

Kwa mfano wetu nimechagua haya:

1. Nyumbani asubuhi, mama akimvalisha binti mkufu.
2. Mlango wa kanisa, bibi harusi akiingia na baba yake, na uso wa bwana harusi wakati huohuo.
3. Ukumbini usiku, mashangazi wakiingia na zawadi wakicheza.
4. Sendofu, bibi harusi akimtafuta bwana harusi katikati ya wageni.

Kukata keki sijaweka, wala picha ya pete juu ya Biblia. Kila mpiga picha anazo, na kwa mteja zinafanana.

Ndani ya kila tukio tafuta picha za kabla, za tukio lenyewe, na za baada. Kwa mkufu: mama akifungua kasha, mikono yake shingoni mwa binti, kisha wote wawili kwenye kioo. Hapo mtazamaji anafuata habari, na anataka kujua inaishaje. Picha tano za mkufu huohuo kutoka pembe tano hazimfikishi popote.

### Ruhusa

Kuwa na hakimiliki ya picha hakukupi ruhusa ya kutumia sura ya mtu kutangazia biashara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, bibi harusi mmoja akilalamika hadharani anafuta kazi ya matangazo kumi. Andika ujumbe mfupi na uhifadhi jibu:

"Habari za ndoa, dada. Naandaa tangazo fupi la kazi zangu, naomba kutumia picha hizi tano za harusi yenu. Zitakaa Instagram na Status ya WhatsApp. Kama kuna hata moja wewe, shemeji au mama hamtaipenda ionekane, niambie niitoe."

Mtaje mama, kwa sababu kwenye tukio la nyumbani yeye ndiye anayelia.

Tahadhari kwa harusi za Kiislamu. Kwenye shughuli za wanawake watupu, za Pwani na Zanzibar hasa, bibi harusi hupigwa akiwa hajajifunika kwa sababu anajua wanaume hawatamwona. Picha hizo zisiingie kwenye tangazo, hata kama mpiga picha alikuwa mwanamke na hata kama ni nzuri kuliko zote ulizonazo. Mbadala mzuri ni mikono yenye hina, kwa ruhusa, au bwana harusi na walii wa bibi harusi wameshikana mikono wakati wa kufunga ndoa. Skripti ikitaja kwamba una wapiga picha wanawake kwa shughuli hizo, sentensi hiyo moja inafanya kazi kubwa kuliko picha. Usiitaje tu kama huna.

Utajua umefaulu kama mtu asiyewajua maharusi hao anaweza kukueleza kilichotokea kwenye kila tukio bila wewe kumwambia neno.

## Hatua ya 3: Funga kila tukio na kifurushi chake

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka.

Chukua kila tukio ulilochagua ujiulize: ili picha hii ipatikane, nilihitaji nini? Jibu ndilo linalokuambia tukio ni la kifurushi kipi. Tuchukue vifurushi vitatu vya mfano. Bei ni za kielelezo, weka zako.

Kifurushi cha kwanza, Kanisani hadi Ukumbini. Mpiga picha mmoja, kuanzia ibada hadi saa 6 usiku, picha 300 zilizohaririwa. TSh 700,000.

Kifurushi cha pili, Nyumbani hadi Ukumbini. Wapiga picha wawili, saa 1 asubuhi hadi saa 6 usiku, picha 500, albamu moja. TSh 1,300,000.

Kifurushi cha tatu, Sendofu na Harusi. Wapiga picha wawili kwa siku mbili, picha 800, albamu mbili, moja ya maharusi na moja ya wazazi. TSh 2,100,000.

Sasa tazama matukio yetu. Mkufu unahitaji mtu awe nyumbani saa 1 asubuhi, kwa hiyo ni kifurushi cha pili kwenda juu. Mlango wa kanisa, kwa namna tulivyouonyesha, unahitaji kamera mbili kwa sekunde moja: moja kwa bibi harusi, nyingine kwa bwana harusi. Mpiga picha mmoja atapata uso mmoja tu. Hilo nalo ni la kifurushi cha pili. Mashangazi ukumbini wanapatikana kwenye vifurushi vyote. Sendofu ni ya kifurushi cha tatu peke yake.

Umeona jambo limejitokeza? Matukio mawili kati ya manne yanasimama kwenye kifurushi cha kati, na hicho ndicho ninachotaka kamati nyingi zichague, kwa sababu hapo kazi inakuwa nzuri na wapiga picha wawili wanalipwa ipasavyo. Bila kumsema mtu vibaya wala kukishusha kifurushi cha kwanza, skripti inamwonyesha mteja anachokosa akipunguza.

Lakini hapa kuna sharti la uaminifu. Kifurushi cha kwanza lazima kiwe na tukio lake linalokitosha. Kama matukio yote manne yanahitaji kamera mbili, halafu sauti inasema "vifurushi kuanzia laki saba", mteja wa laki saba ataona albamu yake haifanani na tangazo. Hatakushtaki, atawaambia tu kamati inayofuata, na kamati inayofuata ina nusu ya watu walewale.

Kuhusu muda. Usiandike "saa nane" ukimaanisha urefu wa kazi. Mjumbe mmoja ataelewa ni muda wa kazi, mwingine ataelewa unafika mchana. Andika mwanzo na mwisho: "saa 1 asubuhi hadi saa 6 usiku". Mgogoro wa kulipia muda wa ziada mara nyingi unazaliwa hapa.

Utajua umefaulu kama ukifunika majina ya vifurushi, mtu mwingine anaweza kuoanisha kila tukio na kifurushi chake.

## Hatua ya 4: Andika safu mbili, PICHA na SAUTI

Kila kipande kiwe na sehemu mbili: kinachoonekana na kinachosikika. Kanuni ni moja, sauti isirudie kilicho kwenye picha. Kama picha inaonyesha mama analia, usiseme "mama analia kwa furaha". Sema saa, sema kinachofuata, sema ulikuwa umesimama wapi.

Hesabu maneno. Maneno ya Kiswahili ni marefu, "tutakukabidhi" ni neno moja lakini lina silabi sita. Kwa usomaji wa utulivu, weka maneno mawili kwa sekunde. Sekunde 75 zingebeba maneno 150, lakini unahitaji nafasi za kimya na za sauti halisi, kwa hiyo lenga maneno 115 hadi 125. Nikipewa skripti ya maneno 220 kwa dakika moja, najua kabla ya kuisikia kwamba msomaji anakimbia kama mtangazaji wa mpira.

Sentensi ya kwanza isiwe swali wala salamu. Anza ndani ya tukio, na saa. "Saa moja asubuhi. Mama anamvalisha binti yake mkufu." Mtazamaji anayepitisha kidole kwenye simu anaamua ndani ya pumzi moja kama atabaki, na kitu kinachombakisha ni kutaka kujua kinachoendelea. Jina la studio yako halimbakishi, liweke pembeni kwa maandishi madogo tangu mwanzo na ulitaje kwa ukubwa mwishoni.

Ondoa maneno haya yote: bora, kipekee, ubora wa hali ya juu, bei nafuu, kumbukumbu zisizofutika. Yanaweza kusomwa juu ya tangazo la keki au la ukumbi bila kubadilika hata herufi.

Utajua umefaulu kama ukisoma safu ya SAUTI peke yake inakosa kitu, na ukitazama PICHA peke yake zinakosa kitu.

## Hatua ya 5: Andika sehemu ya vifurushi

Sauti itaje kilichomo, maandishi kwenye kioo yataje bei. Sababu ya kwanza ni sikio: bei tatu za malaki na mamilioni zikisomwa mfululizo hakuna anayezishika, lakini jicho linazishika, na mjumbe wa kamati anaweza kusimamisha video akapiga picha ya kioo. Sababu ya pili ni ya kazi: bei ikibadilika mwakani, unabadilisha maandishi tu, sauti inabaki.

Kuna wanaoficha bei kabisa ili mteja "aingie inboksi". Sikubaliani nao. Kamati inakusanya michango, ina bajeti ya picha kwenye karatasi, na kinachoamuliwa kwenye kikao ni kile chenye tarakimu. Usipoweka bei utapata ujumbe thelathini za "bei?" kutoka kwa watu ambao hawangekufikia hata kidogo, na mhazini aliyekuwa na hela atakuwa amepeleka kwenye kikao majina mawili yaliyokuwa na bei.

Kila kifurushi kipate vitu vitatu tu kwenye sauti: kuanzia wapi hadi wapi, watu wangapi au siku ngapi, na kitu cha kushika mkononi kama kipo. Idadi ya picha, ukubwa wa albamu na nauli ya nje ya mji viende kwenye profoma utakayotuma WhatsApp.

Siku za kukabidhi picha zitajwe kwa sauti. Malalamiko makubwa ninayosikia kuhusu wapiga picha ni kuchelewesha, kwa hiyo "ndani ya siku thelathini" ni sentensi inayouza. Andika siku unazoweza kweli. Kama Desemba una harusi kila Jumamosi na unahariri mwenyewe, thelathini ni uongo. Andika arobaini na tano.

Kuhusu malipo, weka mstari mmoja wa maandishi kwenye kioo: "Kianzio nusu. Salio siku 7 kabla ya harusi." Salio lisisubiri baada ya harusi. Siku ya tatu baada ya sherehe kamati imeshavunjwa, mhazini amerudi kazini kwake, na unaanza kuwadai maharusi ambao wao wenyewe hawakuwahi kuishika hiyo hela.

## Hatua ya 6: Andika mwito unaomwambia mtu atume nini

"Wasiliana nasi" haimwambii mtu afanye nini. Mwombe vitu vitatu: tarehe, ukumbi, na aina ya shughuli. Kwa hivyo vitatu unaweza kujibu kama siku iko wazi, kama kuna nauli, na kifurushi kipi kinamfaa, yote kwenye jibu moja.

Kiungo cha WhatsApp kinaweza kumfungulia ujumbe ukiwa umeshaandikwa nusu. Kiweke kwenye wasifu wako wa Instagram. Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Tarehe:%20%0AUkumbi:%20%0AShughuli:%20
```

Hiyo `%20` ni nafasi na `%0A` ni mstari mpya. Kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine, siyo yako.

## Skripti kamili ya mfano

Maneno ya kusoma ni 118. Sauti halisi za harusi nimeziweka kwenye mabano, na KIOO ni maandishi yanayotokea kwenye kioo cha simu.

Sekunde 0–11
PICHA: Mama anafungua kasha. Mikono yake shingoni mwa binti. Binti amefumba macho. Wote wawili kwenye kioo.
SAUTI: (Sekunde 3 za minong'ono ya chumbani.) "Saa moja asubuhi. Mama anamvalisha binti yake mkufu. Baada ya nusu saa, gari litakuwa mlangoni."

Sekunde 11–16
PICHA: Bibi harusi mlangoni, ndugu wamejipanga. Gari lenye maua.
SAUTI: "Tukio hili halirudiwi. Kwa hiyo tunaanzia nyumbani."
KIOO: Nyumbani hadi Ukumbini

Sekunde 16–28
PICHA: Milango inafunguliwa. Bibi harusi na baba yake. Kata: uso wa bwana harusi. Rudi: bibi harusi. Rudi: bwana harusi anafuta macho.
SAUTI: "Mlango wa kanisa unafunguliwa. Kamera moja inamfuata bibi harusi na baba yake. Ya pili iko mbele, kwenye uso wa bwana harusi."
KIOO: Wapiga picha wawili

Sekunde 28–39
PICHA: Mashangazi kwenye mlango wa ukumbi, sare za kitenge. Wanacheza kuelekea jukwaani. Mmoja anacheka, karibu. Bibi harusi anasimama kuwapokea.
SAUTI: (Vigelegele.) "Usiku ukumbini, mashangazi wanaingia na zawadi wakicheza. Taa ni za zambarau, lakini nyuso zina rangi yake halisi."
KIOO: Imo kwenye vifurushi vyote

Sekunde 39–48
PICHA: Bibi harusi anapita kati ya meza. Anainama kutazama. Amemwona. Wamekumbatiana.
SAUTI: "Na siku ya sendofu, bibi harusi anamtafuta mwenzake katikati ya wageni. Ukumbi mzima umesimama." (Vigelegele.)
KIOO: Sendofu na Harusi

Sekunde 48–66
PICHA: Kwa kila kifurushi, picha moja ya tukio lake nyuma ya maandishi. Mwisho, mikono ya wazazi ikifungua albamu.
SAUTI: "Kanisani hadi ukumbini, mpiga picha mmoja. Nyumbani hadi ukumbini, wapiga picha wawili na albamu. Sendofu na harusi, siku mbili, albamu mbili, moja ya wazazi. Picha zote zinakufikia ndani ya siku thelathini."
KIOO: TSh 700,000 / TSh 1,300,000 / TSh 2,100,000. Kianzio nusu. Salio siku 7 kabla ya harusi.

Sekunde 66–75
PICHA: Jina la studio, namba, picha ya mkufu.
SAUTI: "Tutumie tarehe, ukumbi na aina ya shughuli. Tutakujibu leo kama tarehe iko wazi."

Mstari wa taa za zambarau nimeuweka kwa makusudi. Kumbi nyingi sasa zina taa za rangi zinazogeuza ngozi kuwa ya buluu, na bibi harusi ameshaziona picha hizo kwenye harusi ya rafiki yake. Kama bado hujaweza kulidhibiti hilo kwa flashi, usiuseme mstari huo. Sema kingine ambacho picha zako zinakithibitisha.

## Hatua ya 7: Soma kwa sauti, kisha kata

Soma skripti yote ukiwa umesimama, saa mkononi. Ikizidi sekunde 75 usiongeze kasi, kata maneno. Mahali pa kwanza pa kukata ni viunganishi na sifa. Mahali pa mwisho ni saa, mahali na watu.

Rekodi kwenye chumba chenye mapazia na nguo, kwa sababu kuta tupu zinarudisha mwangwi. Simu ikae shibiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi kama "p" zisipige upepo. Zima feni. Asiyezoea kusoma asome kila kipande mara tatu na kuchagua. Kipande cha kwanza kabisa ndicho huwa kimekaza.

Video iwe ya wima, 1080 kwa 1920. Maandishi yakae katikati, kwa sababu sehemu ya chini ya rili inafunikwa na jina la akaunti na maelezo. Na weka maneno ya sauti yote kama maandishi pia, kwani wengi wanatazama simu ikiwa kimya.

Tahadhari ya muziki. Wimbo maarufu wa Bongo Fleva kwenye tangazo la biashara unahitaji ruhusa ya mwenye haki. Akaunti za biashara za Instagram zenyewe zina maktaba finyu ya nyimbo, na video inaweza kuzimwa sauti ukiwa umeshaanza kuilipia. Tumia muziki ulionunua leseni yake, au ziache sauti halisi za harusi zifanye kazi. Mimi napendelea za pili. Vigelegele havina mpinzani.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa watu wawili kabla ya kuweka

Mtafute dada aliye karibu kuolewa, na mtu aliyewahi kuwa mhazini wa kamati. Waonyeshe mara moja tu, kila mmoja peke yake.

Muulize dada: unakumbuka nini? Akitaja tukio, umepata. Akisema "picha zako nzuri", matukio hayajamfikia, rudi hatua ya pili.

Muulize mhazini: kifurushi cha kati kina nini ambacho cha kwanza hakina? Akijibu "wanaanzia nyumbani, ni wawili na kuna albamu", sehemu ya vifurushi iko tayari. Akitaja bei tu, maandishi ya kioo yanakaa muda mfupi mno au ni mengi mno.

## Baada ya kuweka: soma maswali yanayokuja

Liweke mapema. Kamati nyingi huanza vikao miezi mitatu au minne kabla ya harusi, kwa hiyo tangazo la kuwinda harusi za Desemba liwe hewani kufikia Julai au Agosti. Harusi nyingi za Kikristo hukwepa Kwaresima, kwa hiyo za baada ya Pasaka zinatafutwa tangu Desemba na Januari.

Kisha chukua ile karatasi ya ujumbe wa zamani uliyoiweka mezani, uilinganishe na ujumbe mpya. Kabla ya tangazo huenda wengi waliandika "bei?" tu. Sasa tazama wanauliza nini. Wakiuliza "video imo?", ongeza mstari kwenye kioo unaosema vifurushi hivi ni vya picha za mnato na video ina bei yake. Wakiuliza "mnafika Morogoro?", ongeza mstari wa nauli. Swali linalorudi kutoka kwa watu watatu tofauti ni mstari unaokosekana kwenye skripti, na kwa kuwa mstari huo unaingia kwenye maandishi ya kioo unaweza kuuongeza jioni hiyohiyo bila kurekodi sauti upya.

Na wakianza kuandika "tarehe 12 Desemba, ukumbi uko Sinza, tunataka ile ya kuanzia nyumbani", tuma profoma usiku huohuo ikiwa faili la PDF lenye jina la maharusi, ili Jumapili mhazini awe nayo mkononi kikao kikifunguliwa.